Kreatini ya nyama, omena na mayai: moto hula kidogo, sinki hula zaidi

*"Habari mtaalamu. Nina miaka 29, naishi Pipeline na nabeba vyuma jimu siku nne kwa wiki. Poda ya kreatini siwezi kuinunua kila mwezi, kwa hivyo nategemea chakula. Kocha anasema moto unaua kreatini yote, heri nile nyama ikiwa nusu mbichi pamoja na mayai kumi kwa siku. Mimi huchemsha robo kilo ya nyama ya ng'ombe kwa saa moja na nusu hivi, namwaga maji kwa sababu ya mafuta, kisha naikaanga. Omena naziloweka kwa maji moto na kuziosha mara tatu nne. Kati ya omena, nyama nyekundu na mayai, kipi kina kreatini zaidi? Na juzi nilipimwa figo asubuhi baada ya kula choma usiku, wakaniambia kreatinini imepita kiwango kidogo. Niache nyama?"*

Ndugu yangu, usiache nyama kwa sababu ya kipimo kimoja kilichofanywa asubuhi baada ya choma, na tafadhali usile nyama nusu mbichi. Hayo mawili nayatanguliza kwa sababu ndiyo yanayoweza kukudhuru au kukutia hofu bure. Nitayarudia kwa kirefu. Lakini kwanza twende jikoni kwako, kwa sababu ukilinganisha kile ambacho moto unakunyang'anya na kile unachokimwaga mwenyewe, unachomwaga ni kingi zaidi.

Kocha wako anaizungumzia kreatini kana kwamba ni protini au vitamini dhaifu inayokufa ikiguswa na joto. Kreatini si protini. Ni molekuli ndogo sana inayokaa ndani ya misuli na kusaidia kurudisha nguvu haraka pale msuli unapofanya kazi ya ghafla, kama kunyanyua chuma kizito au kukimbia mbio fupi. Protini ya nyama ikipata joto hubadilika umbo, ndiyo maana unaona nyama ikikaza na kugeuka rangi. Kreatini haiko hivyo. Jambo kubwa la kujua kuihusu ukiwa jikoni ni kwamba inayeyuka majini, na maji yakiwa moto inayeyuka kwa wingi zaidi. Mwanakemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyeitambua kwa mara ya kwanza mwaka 1832, aliipata ndani ya mchuzi wa nyama iliyochemshwa. Yaani tangu mwanzo ilijulikana kuwa ni kitu kinachotoka kwenye nyama na kuingia kwenye supu.

Ni kweli moto unachukua sehemu yake. Kreatini ikikaa kwenye joto kwa muda, baadhi yake hupoteza maji yaliyo katika umbo lake, hujikunja na kuwa kitu kingine kinachoitwa kreatinini. Majina yanafanana sana lakini kazi haifanani. Kreatini msuli unaitumia. Kreatinini ni taka, mwili hauwezi kuitumia, na figo huichuja na kuitoa kwa mkojo. Badiliko hili huenda polepole. Linaongezeka kadiri joto linavyopanda, kadiri muda unavyorefuka, na kadiri chakula kinavyokuwa na uchachu, kwa mfano nyanya nyingi au limau. Katika mapishi yetu ya kawaida, kiasi kinachobadilika huwa kidogo kwa nyama iliyokaangwa upesi, na hufika kama robo hivi, pengine zaidi kidogo, kwa nyama iliyokaa sana motoni. Sehemu kubwa inabaki kreatini ileile.

Tuchukue robo kilo yako, tuseme ni steki isiyo na mfupa. Nyama mbichi ya ng'ombe ina takriban gramu 4.5 za kreatini kwa kila kilo, kwa hivyo gramu 250 zina kama gramu 1.1. Umeichemsha saa moja na nusu. Tukisema moto umegeuza robo yake, kimebaki kitu kama gramu 0.8. Sasa hiyo 0.8 iko wapi? Nyama ikiiva hupungua. Unaweka vipande vinavyojaza sufuria, unatoa vilivyonywea, kwa sababu misuli imejikaza na kukamua maji yake nje. Kreatini ilikuwa imeyeyuka kwenye maji hayohayo, ikatoka nayo. Na kwa muda wote nyama ilipokuwa ikitokota katika maji mengi, iliendelea kutoka kidogo kidogo. Baada ya saa moja na nusu, ni jambo la kawaida nusu ya iliyobaki, au hata zaidi, iwe kwenye supu. Unapoinamisha sufuria kwenye sinki, unabaki na kama gramu 0.4 kwenye sahani. Moto umechukua 0.3, sinki limechukua 0.4. Haya ni makadirio, na kwako yatapanda au kushuka kulingana na maji uliyotia na ukubwa wa vipande, lakini mwelekeo wake haubadiliki.

Umesema unamwaga kwa sababu ya mafuta, na hiyo ni sababu nzuri iliyopata njia mbaya. Mafuta hayachanganyiki na maji, na kreatini haikai kwenye mafuta. Zima jiko, weka supu kando ipoe. Utaona mafuta yamepanda juu, na nyama ikiwa ya ng'ombe yataanza kuganda yawe utando mweupe au wa manjano hafifu. Yaengue kwa kijiko. Kilicho chini ndicho unachokitaka. Hata lile povu la kijivu linalopanda dakika za kwanza za kuchemka unaweza kuliengua na kulitupa bila wasiwasi. Hilo ni protini iliyoganda, na kuliondoa hakupunguzi kreatini iliyoyeyuka kwenye supu. Kisha una njia mbili. Unaweza kunywa supu yako kwenye kikombe kama boilo ya kibandani, au uirudishe sufuriani na kuiacha ikauke pole pole mpaka iwe rojo linaloshika nyama, ndipo utie kitunguu na kukaanga. Njia ya pili mimi naipenda zaidi kwa mtu anayepika mwenyewe, kwa sababu inakulazimisha kuanza na maji machache. Tia maji yanayofunika nyama tu, funika sufuria, moto uwe wa wastani, na nyanya uziweke mwishoni. Hilo la nyanya lina faida ndogo, sitakudanganya. Kama unapenda mchuzi wako ulioiva na nyanya tangu mwanzo, endelea hivyo. Usiharibu chakula kizuri kwa ajili ya sehemu ndogo ya gramu.

Sasa hii habari ya nyama nusu mbichi. Hebu tuipime kwa gramu zilezile. Ukiacha nyama mbichi katikati, labda unaokoa gramu 0.2 ya kreatini katika robo kilo. Kiasi hicho ungekipata kwa kuongeza gramu 50 za nyama, yaani vipande viwili vitatu vidogo. Upande wa pili wa mizani kuna tegu wa ng'ombe, ambaye mabuu yake hukaa ndani ya misuli ya nyama na huuawa na joto la kutosha. Kuna salmonela na bakteria wengine wa kuhara. Robo kilo inayonunuliwa buchari jioni imening'inia tangu asubuhi, imekatwa kwa kisu na gogo lililokata nyama nyingine siku nzima. Nyama hiyo inahitaji kuiva hadi ndani. Mhuri wa mkaguzi kwenye nyama ni muhimu na uutafute, lakini haukupi ruhusa ya kuila mbichi. Ukikata kipande kinene zaidi katikati, kisiwe chekundu na kibichi, na maji yanayotoka yasiwe na damu.

Choma ina hesabu yake. Hakuna maji ya kumwaga, kwa hivyo kreatini nyingi inabaki, isipokuwa ile inayodondoka na majimaji kwenye makaa. Ukisikia mkaa ukichacharika chini ya wavu, ndiyo hiyo inakwenda pamoja na mafuta. Tatizo la choma liko kwenye sehemu zilizoungua. Joto la juu, kuanzia kama nyuzi 150 za Selsiasi, huifanya kreatini iungane na asidi za amino na sukari ndogo zilizomo nyamani, na kutengeneza kemikali ambazo watafiti wamezihusisha na hatari ya saratani. Maana yake ni kwamba ile kreatini unayoitafuta ndiyo mojawapo ya malighafi ya kemikali hizo nyama inapoungua. Sikuambii uache choma ya wikendi. Mwombe mchomaji ainue nyama mbali na makaa, aigeuze mara kwa mara, na ukate utupe ule ukoko mweusi. Rangi ya kahawia inatosha.

Tuje kwa omena, maana hapa ndipo watu wengi wanachanganyikiwa, na naelewa kwa nini. Utasikia kwamba dagaa wakavu wana kreatini kuliko nyama yoyote. Kwenye mizani ya dukani kuna ukweli ndani yake. Nyama ya samaki wabichi wengi ina kati ya gramu 3 na 5 za kreatini kwa kilo, na wengine kama heringi wa bahari za kaskazini hupita hapo. Samaki mbichi ni maji kwa karibu robo tatu ya uzito wake. Omena ikishaanikwa juani kule ufuoni mwa Ziwa Viktoria, yale maji huondoka na kila kitu kingine hujikusanya. Inahitaji kama kilo tatu mpaka nne za omena mbichi kupata kilo moja iliyokauka. Kwa hivyo gramu 100 za omena kavu zimebeba kreatini ya samaki wengi kuliko gramu 100 za samaki mbichi.

Lakini kuna mambo matatu ya kupunguza kabla hujaifikisha kwenye sahani. La kwanza, omena unaila mzima. Kichwa, mifupa, magamba na utumbo vina uzito lakini si misuli, na kreatini iko kwenye misuli. La pili, kuanika kunachukua muda, na katika muda huo joto na bakteria hupunguza kiasi fulani, hasa mvua ikinyesha omena ikiwa bado nje ikakauka pole pole. La tatu ni hilo la kwako: kuloweka kwa maji moto na kuosha mara nne.

Nikikadiria, kilo moja ya omena kavu iliyoanikwa vizuri inaweza kuwa na kama gramu 8 hivi za kreatini, mradi tumeondoa sehemu zisizo misuli na kilichopotea juani. Inasikika kama karibu mara mbili ya nyama ya ng'ombe. Ila hakuna anayekula robo kilo ya omena kavu kwa mlo mmoja. Chungu ya omena inayotosha mtu mmoja kwa ugali na sukuma wiki ina uzito wa kama gramu 50, kwa sababu ni nyepesi na huvimba ikipikwa. Gramu 50 zina kreatini kama gramu 0.4. Sasa ziloweke. Samaki hao ni wembamba, wamekauka, miili yao imepasuka pasuka. Maji moto yanaingia hadi ndani kwa dakika chache na kuyeyusha kila kinachoyeyuka. Yale maji unayoyaona yamegeuka rangi ya chai yenye harufu kali ya samaki yamebeba vitu vilivyotoka kwenye misuli, si uchafu peke yake. Ukiyamwaga na kurudia mara tatu, unaweza kubaki na nusu au chini yake, yaani 0.2 kwenye sahani.

Ndiyo maana jibu la swali lako la kipi kina zaidi linategemea unakipima wapi. Gramu kwa gramu vikiwa dukani, omena kavu inatangulia. Kwenye sahani, robo kilo ya nyama iliyopikwa na supu yake inatangulia kwa mbali, kwa sababu unaila nyingi. Na nyama ambayo supu yake umeimwaga inakaribiana na omena iliyooshwa vizuri bila kulowekwa. Kwa mtu wa bajeti yako hiyo ni habari njema, kwa sababu kikombe cha omena kinakupa milo kadhaa.

Kuosha omena ni lazima, sikatai, mchanga ni mchanga. Ila sehemu kubwa ya kazi hiyo inaweza kufanywa omena ikiwa bado kavu. Imwage kwenye ungo au chekeche, ipete na kuitikisa mpaka mchanga na vumbi vidondoke, toa majani na konokono wadogo. Kama uchungu unakusumbua, vunja vichwa kwa vidole na uondoe na kale kautumbo keusi kanakofuatana nacho; kwa upande wa kreatini hupotezi cha maana, ingawa kalsiamu iliyo kwenye mifupa ya kichwa inakwenda. Kisha isuuze kwa maji baridi, haraka, mara mbili, ukiiinua kwa mikono na kuacha mchanga chini ya beseni badala ya kuimimina yote pamoja. Iache ichuje. Ikaushe kwenye sufuria moto bila mafuta kwa dakika chache mpaka uisikie ikilia kavu, ndipo utie mafuta kidogo, kitunguu, dhania, na nyanya mwishoni. Ikiwa ni lazima uichemshe, iwe kwa maji yatakayokauka humohumo kuwa mchuzi.

Njia hii inahitaji omena nzuri, na ninajua si kila gunia Gikomba lina omena nzuri. Iliyo safi ina mng'ao wa fedha, ni kavu kiasi cha kuvunjika kwa sauti, na harufu yake ni ya samaki tu. Ikiwa imegeuka kahawia au manjano, inanata vidoleni, au inakwaruza koo kwa harufu ya mafuta yaliyoharibika, iache hapo. Usikubali kuuziwa omena iliyokusudiwa kutengenezea chakula cha kuku, na usijaribu kuiokoa omena mbovu kwa maji moto. Maji hayaondoi uharibifu huo, na kreatini si sababu ya kuila.

Mayai yatanichukua maneno machache. Karibu hayana kreatini. Yai ni akiba ya chakula cha kifaranga ambaye hajaumbika. Halina misuli, na bila misuli hakuna mahali pa kreatini kuwekwa. Ule mayai mawili au kumi, mabichi au ya kuchemsha, hesabu ya kreatini inabaki karibu na sifuri. Maziwa nayo ni hivyohivyo, kama gramu 0.1 kwa kilo. Hilo haliyafanyi mayai kuwa chakula kibaya kwako. Yai moja lina kama gramu 6 za protini bora, na ndani yake zimo asidi za amino ambazo mwili wako unazitumia kujitengenezea kreatini. Hapo ndipo kocha wako angekuwa sahihi kama angesema hivyo. Ila mayai kumi kila siku si ya lazima kwa lengo hilo. Mawili au matatu pamoja na maharagwe, ndengu na nyama yako yanatosha kama sehemu ya chakula cha siku.

Niongeze kitu kimoja kwa sababu watu wengi hupenda nyama za ndani. Ini lina sifa nyingi, madini ya chuma hasa, lakini kreatini yake ni ndogo sana. Hili hushangaza, kwa kuwa ini ndilo linalomalizia kuitengeneza kreatini ya mwili. Kazi huanzia kwenye figo, ini linaimalizia, kisha ini linaipeleka kwenye damu iende misulini bila kujiwekea akiba. Matumbo pia yako chini ya steki. Ukitaka kreatini kwenye mnyama, tafuta msuli uliokuwa ukifanya kazi.

Sasa, je, unahitaji kuhangaika hivi? Mwanamume wa kilo 70 ana akiba ya takriban gramu 120 za kreatini mwilini, karibu yote ikiwa kwenye misuli. Kila siku hupoteza kama gramu 2, ambazo hugeuka kreatinini na kutoka kwa mkojo. Mwili hutengeneza wenyewe kama gramu 1, na kwa mtu anayekula nyama au samaki, chakula huleta nyingine karibu gramu 1. Ukila kidogo, mwili huongeza utengenezaji wake. Ukila nyingi, hupunguza. Watu wasiokula nyama kabisa wana akiba ndogo kiasi misulini, lakini si wagonjwa. Kwa hivyo wewe mwenye robo kilo ya nyama siku fulani na omena siku nyingine hupungukiwi. Kwa kuacha kumwaga supu na kuacha kuloweka omena, unaweza kukaribia mara mbili ya unachopata sasa bila kuongeza shilingi.

Hata hivyo sitaki ufikiri kwamba sufuria itafanya kazi ya poda. Kipimo kinachotumiwa na wanamichezo ni gramu 3 mpaka 5 kwa siku, kila siku. Kuipata hiyo 3 kwa nyama ya kupikwa ungehitaji karibu kilo nzima kwa siku pamoja na supu yake. Hilo ni ghali, ni mzigo kwa tumbo, na halina maana. Kwa mtu mzima mwenye figo nzima, poda ya kawaida ya kreatini kwa kipimo hicho imechunguzwa sana na ni salama. Faida yake kwenye jimu ipo lakini si kubwa: marudio machache zaidi kwenye seti nzito, na uzito kidogo, ambao mwanzoni ni maji yanayoingia misulini. Kama fedha haitoshi, iweke kwenye chakula. Ila wewe, kwa sasa, hata ukipewa bure usiianze mpaka tumalize suala la kipimo chako.

Kumbuka nilichoeleza kuhusu moto kugeuza kreatini kuwa kreatinini. Nyama iliyochomwa kwa muda mrefu ina kreatinini iliyokwisha kutengenezwa ndani ya nyama yenyewe. Unapoila, inaingia kwenye damu yako ikiwa tayari, na kwa saa kadhaa kipimo cha damu kinapanda ingawa figo zako hazijafanya kosa lolote. Maabara inaona kreatinini. Haina namna ya kujua kama imetoka kwenye misuli yako au kwenye mbavu za jana. Supu iliyochemshwa sana nayo hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unashauri mtu asile nyama katika saa 12 kabla ya kutolewa damu kwa kipimo hiki. Isitoshe, wewe una misuli mingi kuliko mtu wa kawaida wa umri wako, na mwenye misuli mingi hutoa kreatinini zaidi hata akiwa mzima. Kubeba vyuma vizito siku iliyotangulia kunaweza kusukuma juu kidogo tena.

Kwa hiyo rudia kipimo. Jioni ya kuamkia siku hiyo kula ugali na maharagwe au mayai na mboga, usile nyama wala samaki wala supu, usiende jimu siku hiyo na iliyotangulia, kunywa maji kama kawaida yako, nenda asubuhi. Mwambie anayekupima kwamba unabeba vyuma na kwamba mara ya kwanza ulikuwa umetoka kula choma. Omba pia wapime mkojo kuona kama kuna protini, na wakupime shinikizo la damu. Vitu hivyo viwili havidanganywi na nyama kwa namna hii na vinatoa picha ambayo kreatinini peke yake haiwezi kutoa. Ikiwa kreatinini imeshuka na mkojo ni safi, kula nyama yako. Ikiwa bado iko juu, nenda kwa daktari ukiwa na majibu yote mawili mkononi, ya kwanza na ya pili, kwa sababu ugonjwa sugu wa figo hauamuliwi kwa kipimo cha siku moja. Huangaliwa kama hali imedumu kwa zaidi ya miezi mitatu. Daktari anaweza kuagiza kipimo kingine cha damu kiitwacho sistatini C, ambacho hakiyumbishwi na nyama uliyokula wala na wingi wa misuli kama kreatinini.

Usisubiri kurudia kipimo, nenda hospitali mara moja, ikiwa miguu au uso unavimba, mkojo umepungua sana, una povu jingi lisiloisha, au umekuwa na rangi ya chai nzito au kola baada ya mazoezi makali. Hiyo ya mwisho inaweza kuwa dalili ya misuli iliyovunjika vibaya, na huziba figo kwa haraka. Vilevile kama una kisukari, shinikizo la damu, au kuna mtu wa familia aliyewahi kusafishwa damu kwa mashine, mwambie daktari hata kama kipimo cha pili kitakuwa sawa. Na kama umewahi kupata maumivu makali ya ghafla kwenye kidole gumba cha mguu, mweleze hilo kabla ya kuongeza omena, kwa sababu samaki wadogo wanaoliwa wazima hupandisha asidi ya uriki, ambayo ndiyo huleta maumivu hayo.

Dawa za maumivu unazomeza baada ya jimu ziandike pia, kama zipo, hasa aibuprofeni na diklofenaki. Hukuzitaja, lakini vijana wengi wa jimu huzitumia kila wiki, na kwa figo zinanipa wasiwasi kuliko nyama yote uliyoandika hapa. Peleka orodha hiyo pamoja na majibu yako, na uziache mpaka daktari aseme vingine.